Sonde moja ina haki kwenye muda, nyingine kwenye volti

*Mzee, niko Kadutu hapa Bukavu, ninatengeneza konvertisa za sola. Nilishuku kwamba draiva za geti IR2110 nilizonunua ni feki, nikapima moja peke yake mezani: VCC volti 12, kapasita ya pikofaradi 1000 kwenye LO, jenereta ya kilohezi 50 kwenye LIN. Osiloskopu yangu ni ya megahezi 100. Sonde yangu ina swichi, huwa naiacha kwenye ×1 ili nione wimbi kubwa. Inanipa muda wa kupanda wa nanosekunde kama 65, na karatasi ya kiwanda inasema 25. Rafiki akaniazima sonde yake, nikaiweka ×10: sasa ni nanosekunde 26, ila wimbi linapanda hadi volti 13 na kushuka hadi −1, na multimetri bado inasema chanzo ni volti 12. Niamini ipi? IR2110 mbili nimeshazitupa kwenye boksi la vibovu.*

Ndugu yangu, kwanza zitoe hizo mbili kwenye boksi la vibovu, na usimwendee bado aliyekuuzia. Kila sonde imekupa nusu ya ukweli. Yako ilisema kweli juu ya volti na ikakosea muda. Ya rafiki yako ilisema kweli juu ya muda na ikakosea volti. Makosa hayo mawili hayana baba mmoja, kwa hiyo nitayachukua moja moja, nikianza na muda.

Megahezi 100 iliyoandikwa usoni mwa chombo chako ndiyo upana wa bendi. Wengi huisoma kana kwamba hadi hapo kila kitu huonekana sawasawa. Sivyo. Maana yake ni kwamba ukiingiza sinusoidi ya volti 1 yenye megahezi 100, chombo kitakuonyesha volti 0.7 tu, na kwa kiwanda hilo halihesabiwi kuwa kosa, kwa sababu ndipo mahali walipokubaliana kuweka alama ya mwisho. Upungufu wenyewe huanza mapema zaidi. Kwenye theluthi moja ya bendi tayari unakosa karibu asilimia 5 ya kimo cha wimbi.

Wewe hupimi sinusoidi, unapima ukingo wa wimbi la mraba, na kwa ukingo tunaongea lugha ya muda wa kupanda: muda wa kutoka asilimia 10 ya kimo hadi asilimia 90. Osiloskopu nayo ina muda wake wa kupanda. Hata ukiipa ukingo unaoruka papo hapo, itauchora ukiwa na mteremko, kwa sababu vikuzaji vya ndani vinahitaji muda kuufuata. Kwa vyombo vingi vya daraja letu, muda huo na bendi vinafungwa na hesabu hii fupi:

```
t = 0.35 / B
```

Kwa megahezi 100 unapata nanosekunde 3.5. Kwa megahezi 20 ni 17.5. Sasa geuza sonde yako uisome, au usome kile kikaratasi kilichokuja nayo. Sonde nyingi za kubadilisha zimeandikwa megahezi 100 au zaidi kwa ×10, lakini upande wa ×1 zimeandikwa megahezi 6, na chache hufika 10. Herufi ni ndogo na hakuna anayezisoma. Gawa 0.35 kwa megahezi 6: nanosekunde 58. Ulikuwa na osiloskopu ya nanosekunde 3.5, ukaifunika macho kwa waya wa nanosekunde 58.

Muda wa vitu vilivyofuatana hatuujumlishi moja kwa moja. Tunajumlisha miraba yake:

```
t_onyesho² = t_kweli² + t_sonde² + t_osiloskopu²
```

Tujaribu na namba zako. Tuseme IR2110 yako inapanda kweli kwa nanosekunde 25.5. Mraba wake ni 650. Wa sonde ya ×1 ni karibu 3400. Wa osiloskopu ni 12, haufiki popote. Jumla ni 4062, na kipeo chake cha pili kinakaribia 64. Hiyo ndiyo 65 yako, ukikumbuka pia kwamba sonde iliyo kwenye ×1 inauwekea mzunguko mzigo wa pikofaradi zipatazo 100 za kebo na za mlango wa osiloskopu. Kwenye kapasita yako ya 1000, hiyo ni nyongeza ya sehemu moja ya kumi, na draiva ikatembea polepole kweli kwa nanosekunde mbili au tatu. Angalia jinsi ilivyo: sonde ilichora vibaya, na tena ilibadilisha kile ilichokuwa inachora.

Sasa fanya hivyo kwa sonde ya rafiki. Tuseme ni ya megahezi 100 kwenye ×10, yaani nanosekunde 3.5, na osiloskopu 3.5 nyingine. Zote mbili pamoja ni karibu 5. Mraba wa 5 ni 25, ongeza 650, kipeo chake ni 26. Ndiyo namba uliyoiona. Kosa la mfumo mzima halifiki nusu nanosekunde kwa ukingo wako. Karatasi ya IR2110 inatoa 25 kama kawaida na 35 kama kikomo cha juu, kwa kapasita hiyo hiyo ya pikofaradi 1000, ingawa wao walipima kwa volti 15 nawe umepima kwa 12. Draiva yako ni nzima. Na ulifanya vizuri kuipima mezani, kwa sababu ungepima kwenye geti la mosfeti kubwa, lenye uwezo wa pikofaradi elfu kadhaa na rezistansi mbele yake, ungeona muda mrefu zaidi bila draiva kuwa na kosa lolote.

Najua utakachofikiria hapa, kwa sababu nami nilikifikiria: kama hesabu ya miraba inafanya kazi, si niache sonde yangu kwenye ×1, nitoe 58 kwa hesabu, nipate ukweli? Jaribu uone. Chukua 65 uliyoisoma, toa 58, unabaki na 29. Lakini ile megahezi 6 ni ahadi ya jumla ya kiwanda, hakuna aliyepima sonde yako wewe. Kama sonde yako kwa kweli ni ya nanosekunde 60, jibu ni 25. Kama ni 62, jibu ni karibu 20. Kama ni 64, jibu ni 11. Kubadilika kidogo kwa usichokijua kunarusha jibu mbali. Kutoa huko kunaaminika tu pale mfumo wako una kasi kuliko ishara. Mfumo ukiwa na theluthi ya muda wa ishara, onyesho linazidi ukweli kwa asilimia 5, na hata usipotoa kitu huumii. Ukilingana na ishara, onyesho linazidi kwa asilimia 41. Ukizidiwa kasi na ishara kama hapa, unaisoma sonde yako tu, na IR2110 ni abiria.

Kuna jambo dogo la kukagua kabla ya kuondoka kwenye muda. Kwenye menyu ya chaneli kuna mstari wa `BW Limit` wenye `20M`. Watu huuwasha ili wimbi lisiwe na manyoya, kisha wanausahau. Ukiwa umewashwa, osiloskopu yako ya megahezi 100 imekuwa ya 20, na ile 26 ingesomeka 31 hivi. Pia fungua ukingo wenyewe ujaze skrini, nanosekunde 20 kwa kila mraba wa skrini, ndipo usome muda wa kupanda. Ukisoma namba ya `Rise` wakati skrini ina mawimbi hamsini, chombo huenda kimechukua nukta chache mno kwenye ukingo, nayo inakupa umbali wa nukta hadi nukta.

Sasa volti, na hapa ndipo ninapotaka ukae nami, maana kosa hili ni la kimyakimya zaidi.

Ndani ya sonde ya ×10 kuna rezistansi ya megaohmu 9 kwenye ncha. Mlango wa osiloskopu una megaohmu 1. Mbili hizo zinagawa volti kwa kumi, na kwa umeme tulivu wa batri hesabu inaishia hapo. Lakini mlango wa osiloskopu una pia uwezo wa kapasita, pikofaradi 10 hadi 30 kutegemea chombo, na kebo ya sonde inaongeza nyingi zake. Kwa mfano wetu tuseme jumla upande huo ni pikofaradi 108. Kwa ishara ya haraka, pikofaradi hizo ni njia rahisi kuliko megaohmu 1, na bila msaada wimbi lingemezwa. Ndiyo sababu kwenye ncha, sambamba na megaohmu 9, kuna kapasita ndogo, tuseme pikofaradi 12. Tisa mara 12 ni 108, moja mara 108 ni 108. Pande mbili zikilingana hivyo, rezistansi na kapasita zinagawa kwa uwiano uleule, na sonde inagawa kwa kumi iwe ishara ya polepole au ya haraka. Kulinganisha huko ndiko tunakoita kusawazisha sonde, na ile skrubu ndogo, iwe kwenye mkono wa sonde au kwenye kichwa kinachoingia osiloskopu, ni kapasita ya kugeuza iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Rafiki yako alisawazisha sonde yake kwenye osiloskopu yake, nawe ukaichomeka kwenye yako. Tuseme mlango wa chake una pikofaradi 30 na wa chako 13. Namba hiyo imechapwa pembeni ya tundu, karibu na `1MΩ`, nenda ukaiangalie. Umepunguza 17. Ile 108 imekuwa 91. Rezistansi bado zinagawa kwa kumi kamili, kwa hiyo volti tulivu ni sahihi. Lakini kapasita sasa zinagawa 12 kwa 103, yaani 0.1165 badala ya 0.1. Kila kinachobadilika haraka kinaonekana kikubwa kwa asilimia 16.5.

Nini hutokea kwa wimbi lako? Wastani wake ni umeme tulivu, nao uko sahihi: nusu ya muda volti 12, nusu 0, wastani 6. Mtikisiko wake, volti 12 kutoka chini hadi juu, umekuzwa kuwa 14. Weka 14 katikati ya 6: saba juu, saba chini. Volti 13 juu na −1 chini. Hukuhitaji kunitumia picha.

Najua ulifundishwa, kama sote tulivyofundishwa, kwamba sonde isiyosawazishwa inajulikana kwa pembe zake: wimbi la mraba linaota ncha kwenye kona au linalegea mviringo. Ni kweli, lakini ni kweli kwenye wimbi la kilohezi 1. Kosa la sonde hii huisha lenyewe polepole, kwa kipimo cha muda kinachotokana na rezistansi mbili kwa sambamba na kapasita mbili kwa jumla: megaohmu 0.9 mara pikofaradi 103, mikrosekunde 93. Kwenye kilohezi 1 wimbi linakaa juu mikrosekunde 500, muda wa kutosha kuona ncha ikipanda, ikashuka, ikatulia mahali pake. Ndiyo maana watengenezaji waliweka kilohezi 1 kwenye ule ulimi wa chuma mbele ya chombo. Kwako, kwa kilohezi 50, wimbi linakaa juu mikrosekunde 10 tu kisha linaanguka. Ncha haipati muda wa kushuka. Uso wa juu unainama kwa moja ya kumi ya volti hivi, jicho haliuoni, na wimbi linabaki zuri, la mraba, lenye kona safi, na lenye uongo wa asilimia 16.5.

Na muda wa kupanda? Haukuguswa. Asilimia 10 na 90 zinahesabiwa kwa kimo chochote kilichoonekana, na ukingo wote, mwanzo na mwisho wake, umekuzwa kwa kiasi kilekile. Ndiyo sababu nilisema nanosekunde 26 uzichukue bila wasiwasi hata kama volti zake zinadanganya. Kwa upande wa pili, ×1 haina kigawanyi ndani, skrubu haigusi kitu, na kwa hiyo sonde yako haikuwa na cha kukosea kwenye volti 0 na 12 mara ukingo ulipokwisha kupita.

Kosa likielekea upande wa pili, yaani sonde imesawazishwa kwenye mlango mdogo ikahamia mkubwa, mtikisiko hupungua. Hilo ndilo lililonishika mimi. Nilikuwa na osiloskopu mbili kwenye atelye yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi, na sonde zikihama kutoka moja hadi nyingine kama vikombe vya chai. Kadi ya kuendeshea mota ililetwa kutoka kwenye kampuni moja ya kazi za mgodi. Geti lilionekana likipanda hadi volti 11 tu na likishuka hadi 1, halifiki sifuri. Nikasema draiva imechoka, nikabadilisha, ikawa vilevile. Nikabadilisha kapasita za chanzo, vilevile. Siku ya tatu nikapima kwa ×1, kwa uvivu tu, sonde nyingine ilikuwa mbali. Sifuri na 12, safi. Mteja nilimrudishia kadi, ambayo kosa lake lilikuwa kwenye konekta, na pesa ya draiva sikumdai.

Kwa hiyo nakupa njia ya kumtambua mwongo huyu bila chombo kingine. Kwanza, uso tambarare hauwezi kupita chanzo chake. Ncha ya nanosekunde chache inaweza kupita VCC, kwa sababu nyaya zina hulka yake, lakini draiva iliyolishwa volti 12 haiwezi kukaa kwenye 13 kwa mikrosekunde 10. Haina mahali pa kuitoa hiyo volti moja. Pili, badilisha kwenye jenereta sehemu ya muda ambayo wimbi liko juu. Iteremshe kutoka asilimia 50 hadi 10. Wastani sasa ni volti 1.2. Kama ni uongo wa sonde, chini hutaona tena −1, utaona −0.2 hivi, na juu itapanda hadi karibu 13.8. Wimbi zima limehama, ingawa draiva bado inatoa sifuri na 12 kama ilivyokuwa. Kosa la kweli la mzunguko, mathalani masi iliyolegea, halitembei hivyo kwa kufuata wastani. Jaribio hili linachukua nusu dakika, na mimi nalipenda kuliko kutazama kona. Hakikisha tu chaneli iko kwenye `DC`, maana kwenye `AC` wastani unatupwa nje na kila wimbi linahama hata kwa sonde nzuri.

Dawa yenyewe ni fupi. Sonde kwenye ×10, ikiwa imechomekwa kwenye chaneli utakayoitumia, ncha kwenye ulimi wa `Probe Comp`, masi kwenye ulimi wa jirani. Mikrosekunde 200 kwa mraba. Geuza skrubu kwa turnavisi ya plastiki iliyokuja na sonde. Ya chuma inaongeza pikofaradi zake, unaona kona imenyooka, ukiitoa inapinda tena. Simama pale kona inapokuwa ya mraba na uso wa juu umelala tambarare mwanzo hadi mwisho. Kisha angalia kimo pia: kama ulimi umeandikwa volti 3, usome 3. Ukihama chaneli, rudia, maana hata milango miwili ya chombo kimoja hailingani kabisa. Na kama skrubu inazunguka hadi mwisho na kona haijanyooka, sonde hiyo haikutengenezwa kwa mlango wako. Kikaratasi chake kinasema inaweza kusawazisha kutoka pikofaradi ngapi hadi ngapi, na 13 yako inaweza kuwa nje ya hapo.

Usitumie ulimi huo huo kupimia muda wa kupanda wa chombo. Kazi yake ni kona, na ukingo wake kwa kawaida si wa haraka. Ukitaka kujua mfumo wako unaishia wapi, chukua mlango mmoja wa familia ya 74AC, ambao hupanda kwa nanosekunde chache tu, uulishe volti 5 na kapasita ya nanofaradi 100 ikiwa karibu kabisa na miguu yake, uupime kwa ×10. Ukipata 5 au 6, uko sawa. Ukipata 18, rudi kwenye `BW Limit`. Ukipata 58, swichi ya sonde imerudi kwenye ×1, au imesimama katikati. Huku kwetu vumbi jekundu la kiangazi linaingia kwenye swichi hizo hadi hazijui ziko upande gani. Mimi yangu nimeifunga kwa skochi kwenye ×10 na sijaifungua tangu hapo.

Kwenye jaribio hilo la 74AC utaona kitu ambacho hukukiona kwenye IR2110: mtetemo baada ya ukingo. Waya wa masi wenye mdomo wa mamba, sentimita 15, una indaktansi ya nanohenri zipatazo 150, nao pamoja na pikofaradi 11 za ncha ya sonde unalia kwenye megahezi 120 hivi. Ukingo wa nanosekunde 25 ni mpole, hauugongi. Ukingo wa nanosekunde 2 unaugonga kama kengele. Ukitoa kofia ya sonde na kuzungushia ile springi fupi kwenye pete ya masi, mtetemo unapungua au unatoweka, na kilichotoweka hakikuwa cha mzunguko.

Sasa anza upya na zile mbili za boksi la vibovu: ×10, imesawazishwa kwenye chaneli yako, pikofaradi 1000 ile ile, LO kwenye mguu wa 1 na masi kwenye COM, mguu wa 2. Zitakapotoa sifuri na 12, na kati ya nanosekunde 25 na 35, zirudishe kwenye droo ya nzima.

Najua baada ya LO utataka kuona HO, kwenye konvertisa yenyewe, ambako VS inaruka kati ya sifuri na volti 310. Tafadhali usifunge mdomo wa mamba kwenye VS. Masi ya osiloskopu yako imeungana na ardhi ya plagi, na utakuwa umeunganisha katikati ya daraja na ardhi; kitakachofuata kitaichoma sonde, au chombo, au mkono. Watu hutumia chaneli mbili, moja HO na moja VS, kisha chombo kikatoa `CH1-CH2`. Njia hiyo ni salama zaidi, mradi sonde zote mbili ziko ×10, zimeandikwa kwamba zinabeba volti hiyo, na masi zake mbili ziko kwenye masi ya mzunguko ambayo umehakikisha kwa multimetri kwamba inaweza kuunganishwa na ardhi. Lakini fikiria ulichojifunza kwenye meza yako. Sonde hizo zikitofautiana kwa asilimia 2 tu, tofauti ambayo kwenye kona ya kilohezi 1 huioni, basi kila VS inaporuka volti 310 osiloskopu itachora volti 6 ambazo hazipo, juu ya geti lenye volti 12. Kwa hiyo kabla ya yote weka ncha zote mbili kwenye VS, sehemu moja, utazame `CH1-CH2`. Geuza skrubu ya mojawapo hadi mstari huo ulale kadiri unavyoweza. Kinachobaki ukiandike pembeni, kwa sababu ndicho utakachokitoa unapotazama HO, na kama kinabaki volti mbili au zaidi, kwa njia hiyo usitoe hukumu yoyote juu ya volti za HO. Tumia muda wake tu, au utafute sonde ya tofauti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.